Duara halijui kama kuna bahari: tangazo la kumleta mtu mpaka mlangoni

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Najua wengi mmefunga maduka mkaja hapa, na duka likifungwa asubuhi hela inapita, kwahiyo sitawazungusha. Nitaongea kitu kimoja tu, nacho ni namna ya kumtoa mtu kwenye simu yake mpaka aingie kwa miguu yake kwenye duka lako, na zaidi ya hapo namna ya kujua kwamba kweli kaingia, maana hapo kwenye kujua ndio wengi tunapigwa. Nitatumia duka moja tu toka mwanzo mpaka mwisho, duka la mama mmoja anauza taizi, rangi, masinki na vyoo Kigamboni, karibu na Feri, kama dakika kumi kwa mguu toka unaposhuka kwenye pantoni. Kanipa ruhusa niwaelezee hesabu zake ila jina tumeliacha.

Kwanza mjue kwanini yeye lazima mtu aje dukani. Taizi haiuziki kwa picha. Mtu anataka aishike, aigonge kwa kidole asikie mlio, aimwagie maji aone kama inateleza, aweke mbili pembeni kwa pembeni aone kama rangi zinalingana maana boksi moja na lingine huwa zinapishana. Akipenda ndio anaanza kuuliza bei. Kwahiyo kliki mia tano za watu wanaoangalia picha wakiwa kitandani, kwake hazina kazi, anachotaka ni mtu aliyesimama mbele ya kaunta. Na ninyi wengi hapa, wa magodoro, wa miwani, wa nguo za harusi, mko hivohivo.

Alikuja kwangu akiwa tayari anarusha tangazo Google, la kwenye utafutaji, yani mtu akiandika kitu kinachohusu taizi au vifaa vya ujenzi analiona duka lake na chini yake kuna anwani na kitufe cha kuelekezwa njia. Bajeti shilingi 12,000 kwa siku. Aliyemtengenezea alimwekea duara la kilomita 5, kitovu kikiwa palepale dukani. Ndo kawaida hiyo, unaenda sehemu ya maeneo, unachagua `Radius`, unaandika anwani yako, unaweka kilomita, mchezo umeisha. Na kwenye ripoti mambo yalikuwa mazuri, wiki mbili za kwanza watu 41 walibonyeza waelekezwe njia ya kwenda dukani. Arobaini na mmoja! Mama akafurahi. Ila akanambia kitu kimoja, akasema, "Mwanangu, hao watu arobaini mbona siwaoni?"

Sasa naomba kila mtu hapa achore Kigamboni kichwani mwake. Duka liko karibu na Feri. Ukizungusha duara la kilomita 5 hapo, upande wa mashariki unachota bahari ya Hindi, samaki hawanunui taizi, sawa, hiyo haina hasara maana hakuna mtu wa kubonyeza huko. Lakini upande wa magharibi duara linavuka maji ya bandari, linaingia Posta, linaingia Upanga, linaingia Kariakoo na Gerezani. Kwa ramani ni karibu kabisa, Posta na Kigamboni mnaonana kwa macho. Kwa maisha ya kweli ni mbali. Mtu wa Kariakoo ili aje dukani kwa mama apange foleni ya pantoni, avuke, arudi na maboksi ya taizi, au azunguke Kurasini apite Daraja la Nyerere ambalo toka lifunguliwe 2016 unavuka kwa kulipia. Na huyo mtu yuko Kariakoo jamani! Amezungukwa na maduka ya taizi, Gerezani hapo kila mlango ni vifaa vya ujenzi. Avuke bahari afuate nini?

Halafu angalia hela inaenda wapi. Tangazo linafuata simu zilipo, na mchana wa siku ya kazi kwenye hilo duara simu ziko Posta na Kariakoo, si Tungi wala Mjimwema. Kwahiyo sehemu kubwa ya ile 12,000 ilikuwa inaliwa ng'ambo kila siku, na mama analipia watu ambao hawawezi kuja.

Ila swali ni lile lile alilouliza mama, kama hawawezi kuja mbona walibonyeza kuelekezwa njia? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kubonyeza kuelekezwa njia sio kuja. Ni mtu kuuliza "ni wapi hapo?" tu. Mtu yuko Posta, ameandika anatafuta taizi, anaona duka, anaona pembeni limeandikwa kilomita chache tu, anasema mh karibu, anabonyeza. Ramani inafunguka inamwonyesha mstari unapita kwenye pantoni, au unazunguka mpaka darajani. Anafunga simu, imeisha. Kwenye ripoti yako huyo kahesabiwa. Tena kwa jinsi nilivyokuja kuona, watu wa ng'ambo wanabonyeza sana kuliko wa Kigamboni wenyewe, kwasababu wa Kigamboni anapajua, ukimwambia duka liko njia ya kutoka Feri kwenye kona fulani anaenda bila ramani. Asiyepajua ndiye anabonyeza.

Kwahiyo kile kitu tulichokuwa tunakitumia kama kipimo kilikuwa kinapendelea watu wasiokuja. Na hatari yake ni kwamba ukiiambia Google lengo langu ni `Get directions`, alafu ukaiachia yenyewe ipandishe na kushusha dau, itaenda kuwatafuta wanaobonyeza sana. Itakuletea Posta zaidi, maana wewe umeiambia unataka wabonyezaji na yenyewe inakutii.

Najua kuna mtu hapa kasikia kwamba Google inaweza kukuhesabia watu waliofika dukani kabisa. Ni kweli hicho kitu kipo, kwenye ripoti kinaitwa `Store visits`. Ila kwa duka moja la Kigamboni usikisubiri. Kile kinataka duka liwe kwenye nchi ambazo wameiruhusu, upate kliki nyingi na watu wengi wa kuingia, ndio wapate data ya kutosha bila kumwanika mtu mmoja mmoja. Na hata kwa wenye nacho, ile namba sio kwamba kuna mtu kasimama mlangoni anahesabu. Wanachukua watu waliowasha lokesheni kwenye simu zao, wanaona wangapi walifika, alafu wanakadiria kwa wote. Wenye maduka mengi makubwa inawasaidia. Sisi tuna kitu kingine, tuna daftari.

Kabla ya daftari ngoja niwaambie jambo la pini maana bila hilo mengine yote ni bure. Siku ya kwanza nimeenda kwa mama sikutaka anielekeze. Nilishuka kwenye pantoni nikachukua bodaboda, nikamwambia kijana hilo duka mi silijui na wewe usiniulize, fuata simu tu. Tukaenda, tukakata kulia, tukaingia kichochoro cha mchanga, simu ikasema tumefika. Mbele yetu ukuta wa nyumba ya mtu, geti la bluu limefungwa, mbuzi wawili wamelala kivulini. Duka liko barabara ya mbele, upande wa pili wa huo ukuta! Ukisimama pale unasikia mpaka mashine ya kukata taizi ya fundi wake, ila hulioni. Kumbe pini iliwekwa na kijana wake siku anafungua akaunti, akaigusa kwa haraka ikakaa nyuma. Sasa fikiria mteja kavuka kafika pale, kaona mbuzi, anafanyaje? Mwenye moyo atapiga simu. Wengi wanageuza.

Kurekebisha ni dakika mbili. Unaingia kwenye Google Business Profile yako, sehemu ya anwani, unaigusa pini unaivuta mpaka mlangoni, sio katikati ya paa, MLANGONI, upande wa barabara ambayo mtu anaingilia. Ukitumia picha ya setilaiti utaona paa lako. Alafu weka picha ya mbele ya duka iliyopigwa toka ng'ambo ya barabara, ionekane na jirani yako, duka la dawa au mti mkubwa au nini, maana sisi huku mtu hatafuti namba ya nyumba, anatafuta ule mwembe. Hizo namba za anwani za makazi zilizobandikwa 2022 ziandike pia, hazidhuru, ila mtu wa bodaboda bado atauliza "jirani na nini?" Na masaa yako ya kufungua yawe ya kweli. Mama aliandika anafungua Jumapili na alikuwa hafungui.

Ukishamaliza usijiamini, fanya kama nilivyofanya, tafuta mtu asiyelijua duka, mpe simu, mfuate nyuma kimya. Umfuate kutoka kila upande ambao wateja wanatokea, sio mmoja, kwasababu pini inaweza kuwa sawa ukitokea Feri ila ukitokea Kibada inakupitisha njia isiyopitika.

Haya, turudi kwenye duara. Mtu anadhani kitovu cha duara lazima kiwe dukani. Sio lazima! Duara ni la kuwakamata watu walipo, duka litabaki palepale. Kwa duka ambalo liko pembeni mwa maji kama la mama, kuweka kitovu dukani ni kuchota nusu bahari na nusu mji wa watu wengine. Tulichofanya tulikaa na mama na karatasi, nikamuuliza, wateja wako waliolipa mwezi uliopita walikuwa wanajenga wapi? Sio wanakaa wapi, wanajenga wapi, maana risiti za kupeleka mzigo anazo na zimeandikwa. Kibada, Kibada, Mjimwema, Kisota, Gezaulole, Kibada tena. Posta hakuna hata moja. Kariakoo hakuna.

Kwahiyo duara la kilomita 5 tukalitoa, tukaweka madogo. Moja Mjimwema la kilomita 3, moja Kisota, moja Kibada, alafu moja la kilomita 1 tu palepale dukani kwa ajili ya watu wanaoshuka kwenye pantoni upande wetu. Kila nikiweka moja nasogeza ramani karibu kabisa naangalia ukingo wake umegusa wapi, ukivuka maji napunguza. La Kibada nilipunguza mpaka 2. Google haina njia ya kusema chora duara ila ukate kipande hiki cha ng'ambo, duara la kutoa halipo, unaweza kutoa eneo kwa jina tu, kwahiyo kazi ya kukwepa maji unaifanya kwa kutumia maduara madogo mengi. Kama jina la mtaa halitokei, fungua ramani, shikilia kidole hapo unapopataka mpaka zitoke zile namba za latitudo na longitudo, zinakili uzibandike.

Na msiogope kwamba madogo yatakosa watu. Hesabu ya duara inadanganya macho, ukitoka kilomita 3 ukaenda 6 hujaongeza mara mbili, umeongeza eneo mara nne, na hela ni ileile 12,000 sasa imetandazwa mara nne zaidi. Ila pia usiende kwenye udogo wa kupitiliza, ukiweka maduara ya kilomita 1 kila mahali unaweza ukakuta tangazo halionekani kabisa. Na simu nazo zinakosea, mtu asiyewasha lokesheni anakisiwa kwa mtandao anaotumia, na huo unaweza kumweka hata mtaa mwingine kabisa. Kwahiyo ng'ambo kidogo itavuja tu, huwezi kuiziba yote.

Kuna setingi moja imefichwa ambayo ndo ilikuwa inanimalizia nguvu. Chini ya maeneo kuna `Location options`, ukiifungua utakuta imewekwa `Presence or interest`, hiyo ndo inakuja yenyewe. Maana yake tangazo linaenda kwa watu walioko ndani ya duara pamoja na watu ambao wameonyesha kupendezwa na hilo eneo. Sasa Kigamboni kuna biashara gani kubwa? Viwanja! Mtu yuko Mwanza, yuko Dodoma, anatafuta viwanja vya Kigamboni, mara anaangalia na bei za vifaa vya kujengea, anaonekana kama mtu wa Kigamboni. Ukifungua ripoti ya `User locations` utawaona walikuwa wapi kweli. Badilisha iwe `Presence`, hiyo ni watu walioko ndani au wanaokuwepo mara kwa mara. Lile neno mara kwa mara ni zuri sana kwetu na nitawaambia kwanini.

Wateja wengi wazuri wa mama hawakai Kigamboni. Wanakaa Sinza, wanakaa Tabata, wana kiwanja Kibada na wanajenga kidogokidogo. Huyo mtu Jumatatu mpaka Ijumaa hayupo kwenye duara lako. Jumamosi asubuhi anavuka anakuja saiti kumwona fundi, fundi anamwambia bosi taizi za chooni zinahitajika, anatoa simu palepale saiti anatafuta. Huyo ndiye! Yuko upande wetu, ana hela, ana gari, na anataka leo. Kwahiyo tulichukua ile bajeti tukaacha kuitandaza sawa, tukapunguza katikati ya wiki tukaijaza Jumamosi asubuhi, tangazo linaanza saa moja na nusu asubuhi na linazimika saa kumi na moja jioni, maana akibonyeza saa tatu usiku wewe umefunga na kesho yuko Sinza.

Na kwa yule anayeanza kutafuta akiwa bado nyumbani Sinza usiku tukaweka kampeni ya pili ndogo ya shilingi 2,000 kwa siku, hiyo tumeikata humohumo kwenye 12,000. Hii haina duara, ni Dar es Salaam nzima, ila maneno yake lazima mtu awe amelitaja eneo mwenyewe:

```
"tiles kigamboni"
"tiles kibada"
"hardware kigamboni"
"duka la tiles kigamboni"
```

Mtu akiandika Kigamboni kwa mkono wake yuko Sinza, hakosei, anajua bahari ipo. Lakini akiandika taizi tupu akiwa Sinza mi simtaki, aende kwa wenzetu wa huko.

Sasa daftari. Hili naomba mlichukue hata kama mengine mtayaacha. Kwanza tulizima tangazo wiki mbili nzima. Mama aliumia, nikamwambia vumilia, bila kujua watu wangapi wanaingia bila tangazo hutajua tangazo limeleta wangapi. Binti anayekaa kaunta nikamfundisha swali moja. Usimuulize mteja "umetujuaje", akiulizwa hivo mtu anajibu "aah nilikuwa napita tu" hata kama hakupita. Muulize "karibu kaka, umetupata kwa simu au kuna fundi kakuleta?" Hapo mtu anajibu ukweli, tena wengi wanakuonyesha simu yenyewe mkononi ramani bado inaongea. Daftari likapigwa mistari minne: ramani, kapiga simu kwanza, kaletwa na fundi, kapita mwenyewe. Mtu akiingia mara ya kwanza weka kijiti. Mteja wa zamani usimweke.

Fundi lazima apewe safu yake, msipuuze. Kwenye ujenzi fundi analeta watu wengi na ana posho yake, ukimchanganya na wa tangazo utaiona Google inafanya miujiza kumbe ni fundi Hamisi wa pale mtaani. Na anayepiga simu kwanza naye apewe yake, kwasababu huku kwetu watu wengi hawabonyezi njia kabisa, wanapiga wanauliza "mko wapi, nishuke wapi?" alafu binti anamtumia lokesheni kwa Wasapu. Huyo Google haimhesabu kwenye njia lakini mara nyingi ameiona namba kwenye tangazo.

Kingine, zile namba za njia ziko sehemu mbili na watu wanazichanganya. Kwenye Google Business Profile utaona `Directions`, hiyo ni watu wote waliobonyeza, wa tangazo na wasio wa tangazo. Kwenye Google Ads kuna `Local actions - Directions`, hiyo ndo ya waliotoka kwenye tangazo. Ukitaka kupima hela yako angalia hii ya pili. Na ndugu zako na wafanyakazi waambie waache kubonyeza tangazo kujaribu, kila kliki unailipia.

Hesabu ndo hizi. Wiki mbili za duara kubwa tulitumia 168,000, waliobonyeza njia 41 tena, kwahiyo kila mmoja alitugharimu kama 4,100. Waliofika dukani kwa ramani, daftari linasema, 3. Watatu jamani. Daftari lilikuwa limeshaanza wakati huo, maana nilimwomba mama baada ya zile wiki mbili za kuzima tuliwashe tena duara la zamani wiki mbili, tulihesabu nalo, pini ikiwa imesharekebishwa, ili tusiilaumu pini. Na ile wiki mbili bila tangazo kabisa ramani ilileta mmoja.

Wiki mbili za maduara madogo hela ileile, 168,000. Kliki zilishuka, na waliobonyeza njia walishuka pia mpaka 26, kila mmoja kama 6,460. Ukiangalia ripoti peke yake utasema tumeharibu, gharama imepanda zaidi ya nusu. Mama mwenyewe alinipigia na wasiwasi. Nikamwambia fungua daftari. Kwenye safu ya ramani vijiti 11. Kumi na moja kwa hela ileile iliyoleta watatu. Kila mtu aliyesimama kaunta alitoka 56,000 akawa kama 15,300. Katika hao 11 walionunua ni 5, kwahiyo kila mnunuzi ametugharimu 33,600, na mama kwa hesabu zake mteja mpya wa taizi akishalipa mpaka usafiri anabaki na faida kama 70,000. Inalipa. Ile ya kwanza kwa watatu hata wote wangenunua ilikuwa inapumua tu.

Yani mngetumia ripoti peke yake mngerudisha duara kubwa.

Naomba msichukue hiyo 11 kama ahadi. Ni wiki mbili za duka moja, na tulihakikisha tunalinganisha wiki za kufanana, zote zilianzia tarehe 25 ya mwezi mpaka tarehe 7 au 8 ya mwezi unaofuata, kwahiyo mshahara uko ndani kote. Ukilinganisha tarehe za mshahara na katikati ya mwezi utajidanganya. Na masika ikianza Machi ujenzi unapungua, njia za Kibada huko ndani zinajaa maji, hapo hata duara liwe zuri namna gani watu watapungua, usikimbilie kubadilisha setingi. Namba zikiwa ndogo kama hizi mtu mmoja au wawili wanageuza hesabu, kwahiyo mama anaendelea kuhesabu mpaka leo.

Kitu cha kuangalia kila wiki ni kimoja tu, kati ya waliobonyeza njia kwenye tangazo wangapi wameonekana kwenye safu ya ramani. Kwa mama kwenye duara kubwa ilikuwa mmoja kati ya kumi na nne. Kwenye madogo ni zaidi ya wawili kati ya watano. Ikishuka ghafla kuna jambo, nenda kaangalie pini haijasogezwa na mtu, maana mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye ramani na yakapita, angalia masaa, angalia kama barabara imefungwa. Njia ya Feri pantoni moja ikiharibika, foleni inafika mbali, na wewe unaendelea kulipia watu wa ng'ambo wa Jumamosi ambao wamekata tamaa. Siku hiyo mama ananitumia meseji tunazima ile kampeni ya pili mpaka pantoni irudi.

Sasa hivi tunajaribu upande wa daraja. Mtu wa Kurasini au wa Mbagala kuvuka Daraja la Nyerere sio kazi kama kuvuka kwenye pantoni, na taizi zinakaa kwenye gari vizuri, kwahiyo tumeweka duara la kilomita 2 Kurasini, kwa hela ndogo, kuona kama atalipa daraja aje. Nimemwambia binti aongeze safu ya tano kwenye daftari, ameiandika kwa peni nyekundu "KAPITA DARAJANI". Juzi nimepita ina vijiti viwili, mmoja kanunua sinki.

Haya, karibuni kwa maswali, na kama una simu fungua ramani ya duka lako hapohapo tuangalie pini.